Gigabaiti 109 zinavyoingia kwenye simu

Mwaka 2022 kampuni ya Meta ilitoa modeli ya kutafsiri iitwayo NLLB-200, inayojua lugha 200, Kiswahili kikiwamo. Ile kubwa kuliko zote katika ukoo huo ina vigezo bilioni 54.5. Kigezo ni namba tu, na modeli nzima si kitu kingine ila rundo la namba hizo zinazozidishwa na kujumlishwa mpaka sentensi ya lugha moja itoke kwa lugha nyingine. Ukihifadhi kila namba kwa baiti 2, rundo lote linataka gigabaiti 109. Simu ya bei ya kawaida ina kumbukumbu ya kuendeshea programu ya gigabaiti 4, na sehemu yake imeshachukuliwa na Android kabla hujafungua chochote.

Pamoja na modeli hiyo, Meta ilitoa na mdogo wake, anayeandikwa `nllb-200-distilled-600M`. Ana vigezo milioni 615 hivi, na akifinywa zaidi anaweza kubaki na megabaiti zisizofika 350, akatafsiri ndani ya simu hata pasipo mtandao. Kufika hapo kunapita hatua mbili zisizofanana kabisa.

Hatua ya kwanza ni ya mwalimu na mwanafunzi. Modeli kubwa inakuwa mwalimu, na ndogo inafundishwa kwa kumwangalia. Njia hii ilipata umaarufu mwaka 2015 kwa andiko la Geoffrey Hinton, Oriol Vinyals na Jeff Dean wa Google. Swali la haraka ni hili: kwa nini tusiifundishe modeli ndogo moja kwa moja kwa tafsiri zilizoandikwa na watu, kama tulivyomfundisha mkubwa?

Jibu limo katika kile mwalimu anachokisema. Modeli ya kutafsiri huandika kipande kimoja cha neno baada ya kingine, na kila mara hukipa alama kila kipande inachokijua. Tuseme imeshaandika “Mama anapika”, na sasa inatafuta neno linalofuata. Tafsiri ya binadamu inasema “wali”, basi. Maneno mengine yote ni makosa yenye uzito sawa. Lakini mwalimu anaweza kutoa 0.70 kwa “wali”, 0.20 kwa “mchele”, 0.06 kwa “ugali”, na kwa “kiatu” sehemu ndogo isiyosomeka. Namba hizi ni za mfano tu, ila ndivyo majibu yake yanavyokaa. Mwanafunzi anayefundishwa kuiga alama zote, si lile neno la kwanza peke yake, anajifunza kwa sentensi moja kwamba “mchele” ni kosa la karibu na “kiatu” ni upuuzi. Kila mfano unabeba habari nyingi zaidi, na modeli ndogo inahitaji sana msaada huo kwa sababu haina nafasi ya kugundua kila kitu peke yake.

Mwanafunzi hurithi na makosa ya mwalimu. Tena hufundishwa yale tu aliyoonyeshwa. Mwaka 2023 Hugging Face ilitoa Distil-Whisper, toleo dogo la modeli ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Mwalimu wake anajua lugha nyingi, Kiswahili ikiwa mojawapo. Mwanafunzi alifundishwa kwa Kiingereza peke yake. Kwa hiyo anayeipakua kwa kuona ni nyepesi na ya haraka, akairekodia mkutano wa kijiji, asishangae ikishindwa.

Hatua ya pili haigusi idadi ya namba bali upana wake. Vigezo milioni 615 kwa baiti 4 kila kimoja ni karibu gigabaiti 2.5. Baiti 4 ni biti 32. Je, tukikipa kila kigezo biti 4 tu? Biti 4 zinatoa nafasi 16, kwa hiyo namba yenye desimali nyingi itabidi isogezwe kwenye nafasi iliyo karibu nayo.

Tuchukue namba nne: 0.12, -0.33, 0.70 na -0.04. Iliyo kubwa ni 0.70, na tunataka iangukie kwenye 7, basi kipimo chetu ni 0.70 kugawa kwa 7, yaani 0.1. Kila namba tunaigawa kwa kipimo hicho na kuikadiria: tunapata 1, -3, 7 na 0. Wakati wa kutumia tunazidisha tena kwa 0.1, na zinarudi 0.1, -0.3, 0.7 na 0. Ile ndogo imepotea, nyingine zimesogea kidogo, na modeli kwa kawaida huvumilia.

Sasa ingiza mgeni mmoja, 7.0, katika kundi hilohilo. Kipimo kinakuwa 1. Zile namba zetu nne zinageuka 0, 0, 1 na 0. Namba moja kubwa imezifuta tatu na kuivuruga ya nne. Namba za aina hiyo zimo kweli ndani ya modeli, na ndizo adui mkuu wa kazi hii. Dawa iliyozoeleka ni kugawa namba katika makundi madogo, kila kundi na kipimo chake, ili mharibifu aharibu nyumbani kwake tu. Katika programu ya llama.cpp, mtindo unaoitwa `Q4_0` huweka namba 32 kwa kundi: baiti 16 za namba na baiti 2 za kipimo, jumla 18 badala ya 128. Kwa wastani huo, milioni 615 zinaingia katika megabaiti 346.

Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaitarajii. Kwa kila kipande cha neno inachoandika, simu hulazimika kuzisoma tena karibu namba zote za sehemu inayoandika kutoka kwenye kumbukumbu, na mara nyingi kinachoichelewesha ni kusoma huko kuliko kuhesabu. Namba zikiwa nyembamba, tafsiri nayo hutoka upesi.

Kwa NLLB kuna mahali pengine pa kukata, napo mimi ningeanzia hapo. Modeli hii ina orodha ya vipande vya maneno zaidi ya 256,000, na kila kipande kina namba 1,024 zake. Hizo peke yake ni milioni 262, zaidi ya asilimia 40 ya modeli ndogo nzima, kwa sababu zinahudumia maandishi ya Kichina, Kiamhari, Kihindi na mengine. Anayetaka Kiswahili na Kiingereza tu anaweza kupitisha maandishi mengi ya lugha hizo mbili, akaona vipande vipi vinatumika, akafuta vilivyobaki. Akibakiza 40,000, ameokoa vigezo milioni 221 bila kugusa sana ubora wa lugha anazozihitaji.

Utajuaje umekata kupita kiasi? Alama za kompyuta hazitoshi. Mwaka 2024 watafiti wa Cohere walipima modeli zilizopunguzwa biti kwa lugha mbalimbali. Kwa Kijapani vipimo vya kompyuta vilionyesha kushuka kwa asilimia 1.7, wakati watu waliosoma majibu waliona kushuka kwa asilimia 16. Andaa sentensi mia moja za kazi yako halisi, zitafsiri kwa modeli kabla na baada ya kupunguzwa, uzisome mbili mbili. Angalia kwanza tarakimu, majina ya watu, “si” na “ha-” za ukanushi, na upatanisho wa ngeli katika sentensi ndefu. Ikianza kurudia kifungu kilekile bila kukoma, rudi kwenye biti 8. Utatumia megabaiti 650 hivi, na simu nyingi zinazimudu.

Na kama unakusudia kuiuza programu yako, soma leseni kwanza. NLLB-200 imetolewa kwa sharti la kutotumika kibiashara, na kuifinya hakuliondoi sharti hilo.