Utangulizi: Kumsifu Mshindi wa Mbio Fupi

Ushindi wa mbio fupi humpa mghani kazi ngumu kuliko ushindi wa vita. Vita vina safari, usaliti, mto wa kuvuka na adui mwenye jina, kwa hiyo mghani ana mahali pa kupita. Mbio za mita 100 huisha kabla hajameza mate. Hazina kisa: mtu alikuwa huku, sasa yuko kule. Kwa anayeingia leo katika taaluma ya ushairi wa sifa, naona hapa ndipo pazuri pa kuanzia. Penye kisa kirefu ufundi hujificha nyuma ya kisa, hapa hauna pa kujificha.

Tatizo ni la kale. Mwaka 464 KK, Ksenofoni wa Korintho alishinda mara mbili katika michezo ya Olimpia: mbio za stadioni, ambazo ni takriban mita 192, na shindano la michezo mitano. Mshairi Pindaro alimtungia wimbo wa sifa. Anaanza kwa kuhesabu ushindi wa mara tatu wa nyumba moja, mara mbili wa Ksenofoni na mara moja wa baba yake, aliyeshinda Olimpia mwaka 504 KK. Kisha anausifu mji wa Korintho, kisha anaingia katika habari za Belerofoni aliyemtia hatamu Pegaso, farasi mwenye mabawa. Mbio zenyewe, hatua kwa hatua, hazisimuliwi. Wanafunzi wengi hudhani mshairi amepotea njia. Mimi nadhani alijua vyema anachokifanya, kwa sababu matokeo yalikuwa yameshajulikana. Wasikilizaji walitaka kujua ushindi ule unakaa wapi katika ukoo na mji wao.

Huku kwetu njia ilikuwa nyingine. Wahima wa Ankole, nchini Uganda, walighani sifa zao kwa kasi kubwa, na mstari baada ya mstari mghani hujipa jina jipya la sifa. Imbongi wa Kizulu naye humrundikia mtawala wake majina. Tendo linavunjwa vipande, kila kipande kinakuwa jina, na majina yanaporundikana msikilizaji anamwona mtu mzima. Wahima walijisifu wenyewe, na hayo ndiyo majigambo. Anayemsifu mwingine anatunga sifo, na mshindi wa mbio kwa kawaida huhitaji sifo, maana yeye bado anahema.

Tuchukue mtu wetu wa pwani. Seraphino Antao alizaliwa Mombasa mwaka 1937, katika familia yenye asili ya Goa. Mwaka 1962, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Perth, Australia, chini ya jua kali mno, alishinda mbio za yadi 100 na za yadi 220. Yadi 100 hazifiki mita 92, naye alizimaliza kwa sekunde 9.5. Kenya ilikuwa bado haijapata uhuru. Hivi ndivyo ningeanza kumghani:

Antao! Antao wa Mombasa!
Jina la Goa, mbio za kisiwani.
Perth inachoma, njia inafuka,
wanaume wameinama, vidole chini, pumzi kooni.
Bastola!
Amekwisha inuka.
Waliomtazama kushoto waliuona mgongo,
waliomtazama kulia waliuona mgongo,
utepe ukamjua kwa kifua.
Antao! Yadi mia umezila,
mia mbili na ishirini umerudia sahani.

Lisome kwa sauti, tena kwa kusimama. Hakuna mizani nane kwa nane wala vina, lakini mwendo upo. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mghani anapofika hapo huvuta sauti kidogo: Momba-a-sa, kisiwa-a-ni, inafu-u-ka. Mvuto huo unaojirudia mwishoni mwa kila mstari ndio ngoma ya shairi hili. Mstari wa pili umekatwa katikati, pande mbili zinazolingana kwa muundo, na pumziko la hapo ni la lazima. Mstari wa nne una vituo vitatu, kila kimoja kifupi kuliko kilichotangulia au sawa nacho, kwa hiyo pumzi ya mghani inabanwa kama ya wakimbiaji. Kisha neno moja peke yake, na kimya.

Sasa tazama vitenzi, maana hapa ndipo siri ilipo. Joto limesemwa kwa *-na-*, kwa sababu jua linaendelea kuchoma. Kuinuka kumesemwa kwa *-me-*, hali inayoonyesha tendo limetimia na matokeo yake yako mbele ya macho. Watazamaji wamepewa *-li-*, na utepe *-ka-*, tukio linalofuata tukio. Kitenzi "kukimbia" hakimo kabisa. Jicho la mtazamaji lilipata kuinuka, likapata mgongo, likapata kifua kwenye utepe, na mbio zikapita katikati ya hayo. Pindaro alizipita kwa kwenda kwenye ukoo na masimulizi ya kale. Sisi tunaweza kuzipita kwa sarufi yetu wenyewe.

Mistari ya kushoto na kulia ni mmoja uliosemwa mara mbili kwa kubadili neno moja. Takriri ya namna hii ina kazi: mara ya kwanza msikilizaji anaelewa, mara ya pili anaingia na mghani. Ukighani mbele ya watu, utawasikia wakitamka "mgongo" pamoja nawe. Wasipotamka, huenda ulikwenda mbio mno. Hilo ndilo kosa la kawaida la waghani wapya wa sifa za wakimbiaji. Wanadhani kasi ya mtu ionyeshwe kwa kasi ya ulimi, na majina yanamezwa.

Kosa la pili ni la taswira. Radi, mshale, duma na upepo vimetumika hadi vimechujuka. Kuna njia rahisi ya kujua kama shairi lako limeugua ugonjwa huu: ondoa jina la uliyemsifu, weka la Ferdinand Omanyala, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani mwaka 2021. Mistari ikisimama vilevile, hukumsifu mtu yeyote. "Jina la Goa, mbio za kisiwani" haliwezi kumkaa Omanyala. "Amekwisha inuka" linaweza, na nakiri ni mstari dhaifu ukisimama peke yake, unaobebwa na jirani zake. Shairi la sifa linaweza kuvumilia mistari michache ya aina hiyo, lakini likijaa, mwenye sifa ametoweka.

Nimeulizwa mara nyingi kama sifa hizi haziwezi kutungwa kwa shairi la kimapokeo, lenye mizani 16 kila mshororo. Zinaweza, na wapo watakaofanya vizuri. Taabu ni kwamba vina hudai maneno ya kujazia, na mbio za sekunde tisa na nusu hazina nafasi ya neno la kujazia. Ndiyo maana kwa mwanafunzi anayeanza napendelea mistari huru ya kughani.

Basi mchague mkimbiaji mmoja wa kwenu, hata wa mashindano ya shule. Waulize waliokuwapo waliona nini, si alikimbia vipi. Tunga mistari kumi, ighani mbele ya watu wanaomjua, na ufute kila mstari ambao hawakuinua vichwa walipousikia.