Jicho moja la barabara, jingine la gazeti

Mtu akishapita miaka 40, lenzi ya asili iliyomo ndani ya jicho huanza kukakamaa na kushindwa kujibadili ili kuona vya karibu. Ndipo simu inaposogezwa mbali na uso, hadi mkono unafika mwisho. Wengi hununua miwani ya kusomea, na yatosha. Lakini aliyezoea lenzi za kuvaa machoni ana njia nyingine: jicho moja avalishwe lenzi ya mbali, la pili ya karibu. Ubongo hupokea picha mbili, moja safi na moja yenye ukungu, ukaifuata iliyo safi.

Tuseme ni mwalimu wa miaka 47, haoni mbali, namba yake ni -3.00 macho yote mawili. Mpimaji humwambia aunde tundu dogo kwa viganja, anyooshe mikono, atazame kitu cha mbali, kisha afumbe macho kwa zamu. Jicho linalobaki limekiona kitu tunduni ndilo jicho kuu. Kisha huweka kioo cha +1.50 mbele ya kila jicho kwa zamu na kuuliza ukungu unamkera zaidi upande gani. Mara nyingi majibu hukubaliana. Yasipokubaliana, mimi ningeliamini zaidi la pili, kwa kuwa ukungu ndio atakaoishi nao.

Jicho kuu, la kulia, linabaki na -3.00. La kushoto linapewa -1.50, nalo sasa linaona vizuri kwenye sentimita 67 hivi. Nguvu kidogo iliyosalia machoni inamsogeza hadi kwenye daftari. Asinunue siku hiyohiyo. Avae za majaribio, atoke nje, ashuke ngazi, asome ujumbe, kisha ajipe wiki mbili au tatu. Kizunguzungu kidogo mwanzoni ni kawaida. Kikiendelea baada ya hapo, njia hii haimfai.

Wanaoivumilia zaidi ni wanaoanza mapema, tofauti ya macho ikiwa bado ndogo. Mtu wa miaka 58 huhitaji tofauti ya 2.00 au zaidi, na hapo ukungu haupuuziki kirahisi, tena kompyuta huangukia katikati, pasipoonwa vizuri na jicho lolote. Mwenye kengeza au jicho vivu hapaswi kujaribiwa bila uangalifu mkubwa. Fundi anayepima kina kwa macho ataona tofauti, maana kina huhitaji macho mawili yanayoona sawa. Marubani wa Marekani hawaruhusiwi kabisa kurusha ndege wakiwa na lenzi za aina hii.

Usiku ndio mtihani. Mchana ubongo huupuuza ukungu, lakini taa ya gari gizani huzungukwa na duara la mwanga lisilofutika. Mwalimu wetu akiendesha usiku, achongewe miwani ya kuvaa juu ya lenzi: kulia kioo kitupu, kushoto -1.50. Akifika nyumbani, anaivua na kusoma.