Govi Linalobana: Pete ya Ngozi na Namna Inavyotibiwa

Govi ni mkunjo wa ngozi unaofunika kichwa cha uume. Mtoto anapozaliwa, tabaka la ndani la mkunjo huo huwa limeshikamana na kichwa kama ukucha unavyoshikamana na nyama ya kidole, na mdomo wake huwa mwembamba. Huo si ugonjwa. Mshikamano huachia polepole, na mdomo hupanuka kadiri mtoto anavyokua. Mwaka 1968 daktari wa Denmaki, Jakob Øster, alichapisha matokeo ya kuwapima wavulana wa shule kwa miaka kadhaa: katika umri wa miaka 6 hadi 7, wenye govi lililobana walikuwa karibu 8 katika kila 100, na kufikia miaka 16 hadi 17 alikuwa amebaki mmoja hivi. Karibu wote walifunguka bila dawa wala kisu. Kwa hiyo mzazi anayelivuta govi la mtoto kwa nguvu ili alisafishe humdhuru. Ngozi huchanika, hupona kwa kovu, na kovu hilo ndilo linaloleta ubanaji wa kweli baadaye.

Kwa kijana aliyekwisha kubalehe hali ni nyingine. Tatizo huwa ni sehemu moja ndogo: pete ya ngozi karibu na mdomo wa govi, ambayo haipanuki kama ngozi nyingine. Uume ukiwa umelala, pete hiyo inaweza isisumbue hata kidogo, na wengine hufika miaka 20 bila kujua kwamba wana shida. Uume unaposimama, unene huongezeka na ngozi hutakiwa kurudi nyuma, lakini pete haitanuki. Mvutano wote huishia hapo, na mahali yanapoumia hueleza mengi. Maumivu ya ncha, pamoja na nyufa nyembamba zinazochoma mkojo unapopita, hutokana na pete yenyewe kuchanika. Maumivu ya upande wa chini, huku kichwa kikivutwa kuelekea chini, hutokana na ule ukanda mwembamba unaoshikiza govi chini ya kichwa. Ukiwa mfupi, huweza kukatika wakati wa tendo la ndoa na kutoa damu nyingi inayotisha, ingawa kwa kawaida hukoma kwa kubanwa kwa kitambaa safi kwa dakika kadhaa. Maumivu kama ya kunyongwa nyuma ya kichwa hutokea govi lililobana linaporudi nyuma kisha likakataa kurejea.

Si kila maumivu ya uume uliosimama hutoka kwenye govi. Uume uliopinda ghafla ukubwani, hasa ukipapaswa na kuhisiwa uvimbe mgumu ndani ya shina lake, una ugonjwa wa tabaka la ndani. Uume uliosimama bila kulala kwa zaidi ya saa 4 ni dharura, na humpata zaidi mwenye selimundu. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asingoje asubuhi.

Kabla ya kuchagua tiba, jambo la kwanza ni kujua pete ni ya aina gani, na hili huonekana kwa macho. Govi likivutwa nyuma taratibu, pete yenye afya hujibinua nje kama midomo inayotaka kupiga mluzi. Ngozi ni laini na ina rangi yake ya kawaida, ila tundu ni dogo. Pete yenye kovu haijibinui. Hubaki imesimama mbele kama koni, ngumu, yenye mduara mweupe unaong'aa, na mara nyingi ina nyufa zinazorudi kila zinapopona. Weupe huo unaweza kuwa ugonjwa wa ngozi uitwao likeni sklerosi. Huanza kwenye govi, huweza kusambaa hadi kwenye tundu la mkojo na kulifinya, na kwa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya uume. Pete laini ina nafasi nzuri ya kupona kwa krimu na kunyooshwa. Pete ya kovu mara nyingi huishia kwenye tohara, na kuipotezea miezi kwa kuivuta ni kuizidishia majeraha.

Yupo pia mwanamume wa makamo ambaye govi lake lilikuwa likirudi vizuri maisha yake yote, kisha likaanza kubana, kuwasha, kupasuka na kutoa utando mweupe wa fangasi. Huyo apimwe sukari kwanza. Sukari inayotoka kwenye mkojo hulisha fangasi, na si mara chache kisukari hugunduliwa kwa njia hii. Krimu ya steroidi peke yake, fangasi wakiwa hawajatibiwa, huwapa nafasi ya kustawi.

Krimu inayotumika zaidi ni ya betamethasoni, yenye nguvu ya asilimia 0.05 au 0.1. Hutuliza uvimbe mdogo uliomo kwenye pete, kisha huifanya ngozi iwe nyembamba na laini kiasi, ikubali kutanuka. Athari hiyo ya kupunguza unene ndiyo inayoharibu nyuso za watu wanaojichubua kwa krimu kama hizi. Hapa inatumiwa kwa makusudi, mahali padogo na kwa muda wenye kikomo. Kipimo ni kiasi cha punje ya mchele, asubuhi na jioni, kwa wiki 4 hadi 8. Hupakwa juu ya pete yenyewe, mahali panapobana. Anayeipaka kwenye shina au govi lote anakosea. Katika maduka mengi ya dawa ya Afrika Mashariki, tyubu inayotolewa haraka ni ile ya mchanganyiko, yenye steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria pamoja. Hiyo si ya kutumiwa kwa wiki 8, kwani baadhi ya dawa zilizomo huichokoza ngozi. Ni bora mgonjwa aonwe kwanza na daktari au tabibu, aandikiwe jina la dawa na asilimia yake. Na kwa kuwa mafuta yaliyomo kwenye baadhi ya dawa za kupaka hudhoofisha mpira wa kondomu, ngozi ioshwe kabla ya tendo.

Krimu bila kunyoosha hufanya nusu ya kazi. Njia nzuri ni kuanza baada ya kuoga maji ya moto, ngozi ikiwa laini. Govi huvutwa nyuma hadi uhisike mkazo, si maumivu. Hushikiliwa hapo kwa sekunde 30 hivi, huachiwa, kisha hurudiwa kwa dakika 5. Krimu hupakwa baadaye. Pete ikiwa imepanuka kidogo, ncha za vidole vidogo viwili, safi na vyenye kucha zilizokatwa, zinaweza kuingizwa mdomoni mwa govi migongo ikielekeana, kisha zikatanuliwa taratibu. Kipimo ni maumivu. Yakianza, mkono umezidi. Mchaniko mmoja hudai kupumzika hadi upone kabisa, na ukipona kwa kovu, pete huwa ndogo kuliko siku ya kwanza. Wengi wanaosema njia hii imeshindikana ni wale waliotaka kumaliza kwa siku tatu.

Chukua mfano wa kijana wa miaka 21 ambaye govi lake, uume ukiwa umelala, hufunua tundu la mkojo tu, na kila asubuhi huamshwa na maumivu ya ncha. Pete yake ni laini, haina weupe, na sukari yake ni ya kawaida. Wiki ya kwanza hupaka krimu tu, nyufa ndogo zikapona. Wiki ya pili huanza kunyoosha mara mbili kwa siku. Kufikia wiki ya nne nusu ya kichwa huonekana, na yale maumivu ya asubuhi hupungua. Wiki ya sita govi hurudi lote uume ukiwa umelala. Hapo hukutana na jambo linalowashtua wengi: kichwa hakijawahi kuguswa, na hata maji ya bomba hukichoma. Hisia hiyo hutulia kwa siku kadhaa za kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni kali. Wiki ya nane huacha krimu. Haachi kulirudisha govi kila anapooga, kwa sababu pete iliyoachwa bila kutumika hubana tena.

Hatari kubwa ya kipindi hiki ni kulisahau govi nyuma. Pete iliyokaa nyuma ya kichwa hufunga damu isirudi, kichwa huvimba, na kadiri kinavyovimba ndivyo govi linavyozidi kukwama. Mwenye hali hiyo akikamate kichwa kwa kiganja na kukiminya kwa uthabiti kwa dakika 5 hadi 10 ili uvimbe upungue, kisha akisukume kwa vidole gumba huku akilivuta govi mbele. Lisiporudi, aende hospitali mara moja. Kichwa kinachogeuka rangi au kufa ganzi hakina muda wa kungoja.

Tohara hushauriwa pete ikiwa ya kovu, krimu ikiwa imetumiwa sawasawa kwa wiki 8 bila mabadiliko, govi likikwama nyuma mara kwa mara, au maambukizi yakirudi hata baada ya matibabu. Tatizo likiwa ni ukanda wa chini pekee, upasuaji mdogo wa kuurefusha hutosha na govi hubaki. Yupo pia anayeamua kutahiriwa bila kujaribu krimu, na ana sababu. Utafiti uliofanywa Kisumu, Rakai na Orange Farm ulionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke. Kuanzia mwaka 2008 Kenya ilianzisha huduma ya hiari, hasa Nyanza ambako Waluo hawakuwa na mila ya jando, na Tanzania ikafuata katika mikoa isiyotahiri.

Anayekwenda kutahiriwa aseme mapema kwamba govi lake halirudi. Daktari huhitaji kuachanisha mshikamano taratibu na kulipasua govi kwa juu kabla ya kulikata, ili aone tundu la mkojo liko wapi. Wapo wanaozaliwa na tundu hilo upande wa chini, na kwao govi huweza kuhitajika katika upasuaji wa kulirekebisha, kwa hiyo lisikatwe kabla ya kushauriana na mtaalamu. Ngariba anayekata bila kuona ndani hana namna ya kulijua hilo.

Kwa mtu mzima kazi hufanywa kwa ganzi ya sindano, na nyuzi nyingi huyeyuka zenyewe. Usiku wa siku za mwanzo uume husimama na kuvuta mshono. Kuamka, kukojoa na kutembea kidogo hutuliza. Tendo la ndoa husubiri wiki 6, hata jeraha likionekana limefunga. Govi lenye weupe hupelekwa maabara kuchunguzwa, na mwenye likeni sklerosi huendelea kufuatiliwa baada ya kupona, kwani ugonjwa unaweza kubaki kwenye tundu la mkojo. Dalili yake ya kwanza ni mkojo unaotoka mwembamba au unaotawanyika pande mbili.