Sekunde 18 Chini ya Kipimo

Mwanafunzi Mjerumani anayejifunza Kiswahili Zanzibar ameombwa aeleze alichofanya jana, na mezani pamewekwa kinasa sauti. Mfano huu nimeutunga kwa ajili ya makala haya, ila yeyote aliyewahi kukaa na mgeni anayejifunza Kiswahili atautambua. Namba zilizo kwenye mabano ni sekunde za kimya.

"Jana asubuhi (0.4) nilikwenda soko (0.9) sokoni na rafiki yangu. (0.8) Tulitaka kununua (1.2) eee (0.5) ndizi na (0.7) na samaki, lakini (0.3) samaki alikuwa (0.6) walikuwa ghali sana."

Maelezo yote yamechukua sekunde 18. Ukimuuliza mpita njia, atakujibu kwamba kijana anajua Kiswahili ila bado anababaika. Mtafiti wa ufasaha wa kuzungumza haridhiki na jibu hilo. Anataka kujua huko kubabaika ni kwa kiasi gani na kunatokea mahali gani, kisha aweze kulinganisha rekodi hii na nyingine itakayochukuliwa mwakani.

Kazi huanza na kuhesabu silabi. Maneno hayafai kuhesabiwa, kwa sababu lugha hazifungi maneno kwa namna moja: "nilikwenda" ni neno moja lenye silabi nne, na ukihesabu maneno kwa dakika Mswahili yeyote ataonekana mzito wa ulimi mbele ya Mwingereza. Kiswahili kina bahati katika jambo hili, maana silabi zake karibu zote huishia na irabu na hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuzipiga makofi. Katika rekodi yetu zipo 54. Ile "eee" haimo, kwa kuwa ni sauti ya kujazia pengo.

Silabi 54 kwa sekunde 18 ni silabi tatu kila sekunde, au 180 kwa dakika. Hiyo ndiyo kasi ya kuzungumza. Ni namba nzuri kwa kuanzia, lakini imechanganya mambo mawili: wepesi wa mdomo unapotamka, na muda ambao mdomo umetulia. Ili kuyatenganisha, mtafiti anajumlisha vituo vyote, anapata sekunde 5.4. Anaongeza sekunde 0.6 za "eee". Akitoa jumla hiyo kwenye 18, zinabaki sekunde 12 za maneno yenyewe, na 54 gawanya kwa 12 ni silabi 4.5 kwa sekunde. Hii huitwa kasi ya utamkaji, na ndiyo inayomtetea kijana wetu. Ulimi wake si mzito hata kidogo. Kinachomrudisha nyuma ni kimya, ambacho kimekula asilimia 30 ya muda wake.

Wapo watafiti wakali zaidi ambao huondoa kila silabi iliyotamkwa kisha ikaachwa au kurudiwa. Kwa kijana wetu zitaondoka "soko", "na" moja na "alikuwa", yaani silabi saba, na kasi yake itashuka hadi 157 kwa dakika. Kwa hiyo ukikutana na namba ya kasi katika ripoti yoyote, uliza kwanza imehesabiwa kwa njia ipi.

Kituo nacho kinataka mpaka, na hapa ndipo mabishano yalipo. Si kila kimya ni kusita. Unapotamka "p", "t" au "k", midomo au ulimi huziba hewa kwa kitambo kidogo kabla ya kuiachia, na katika kitambo hicho kinasa sauti kinaona kimya. Frieda Goldman-Eisler, mwanasaikolojia aliyefanya kazi London na ambaye kitabu chake cha mwaka 1968 bado kinatajwa na kila anayeandika juu ya vituo, aliweka mpaka wa sekunde 0.25. Kimya kilicho chini ya hapo alikichukulia kuwa huenda ni sehemu ya utamkaji, na kilicho juu yake akakihesabu kuwa kituo. Wengi wamemfuata. Mwaka 2013 Nivja de Jong na Hans Rutger Bosker, wakichunguza wageni wanaozungumza Kiholanzi, waliijaribu mipaka mbalimbali na kuona kwamba idadi ya vituo huendana vyema zaidi na ujuzi wa lugha mpaka unapokuwa kati ya sekunde 0.25 na 0.3.

Uzito wa uamuzi huo unaonekana tunapofika kwenye kipimo cha tatu, urefu wa mfululizo, yaani wastani wa silabi ambazo mtu huzitoa kati ya kituo na kituo. Kwa mpaka wa sekunde 0.25, maneno ya kijana wetu yamekatika vipande vinane: sita, sita, tisa, nane, tatu, saba, saba, nane. Wastani wake ni silabi 6.75. Ukiupandisha mpaka hadi sekunde 0.4, kile kituo kidogo baada ya "lakini" kinafutika, vipande vinakuwa saba na wastani unapanda hadi 7.7. Ukiufikisha sekunde moja, kinabaki kituo kimoja tu, kile kirefu kabla ya "eee", na ghafla kijana ana mifululizo miwili yenye wastani wa silabi 27. Sauti ni ile ile, lakini karatasi sasa inamwonyesha kama mzee wa baraza.

Mimi kipimo hiki cha mfululizo nakipenda kuliko kasi, na sababu yake ni rahisi. Mtu anaweza kujilazimisha kukimbiza maneno, lakini hawezi kujilazimisha kuwa na silabi kumi na tano tayari kichwani kabla hajafungua kinywa. Mfululizo mrefu unaonyesha kwamba maneno yanatoka yakiwa yameshaungana. Richard Towell na wenzake walionyesha jambo hili mwaka 1996 kwa wanafunzi Waingereza wa Kifaransa, waliorekodiwa kabla na baada ya kuishi mahali kinapozungumzwa. Waliporudi, kilichokuwa kimebadilika zaidi ni urefu wa mifululizo yao. Vituo bado vilikuwepo, ila katikati yake kulikuwa na maneno mengi zaidi.

Kuna swali ambalo wastani haulijibu: vituo vimekaa wapi? Mzaliwa wa lugha naye husita, tena sana. Tofauti ni kwamba yeye husita zaidi kwenye mipaka ya sentensi, anapofikiria la kusema baadaye. Mwanafunzi husita katikati, kwa kuwa wazo analo ila neno limekataa kuja. Mtazame kijana wetu. Kituo cha sekunde 0.8 baada ya "rafiki yangu" kiko mwisho wa sentensi, na hakuna atakayekigundua. Kile cha "jana asubuhi" pia kinapita bila kumkera mtu. Vingine sita vyote vimeangukia ndani: kati ya "kununua" na kitu kinachonunuliwa, kati ya "na" na samaki wake. Hivyo ndivyo sikio hulalamikia, hata vikiwa vifupi kuliko kile cha mwisho wa sentensi.

Masahihisho ndiyo yanayowapotosha wengi. Kijana amejirudi mara tatu: amebadili "soko" kuwa "sokoni", amerudia "na", na amegeuza "alikuwa" kuwa "walikuwa". Kwa hesabu kavu hizo ni dosari tatu. Lakini zitazame moja moja. Kurudia "na" ni kuvuta muda tu. Nyingine mbili ni ushahidi kwamba anajisikiliza na anazijua kanuni. Asiyejua kwamba anasimulia samaki wengi angesema "alikuwa" na kuendelea bila wasiwasi, na hesabu ya masahihisho ingemsifu kwa kosa ambalo hakuliona. Paul Lennon alikutana na hali hii alipowafuatilia wanafunzi wanne Wajerumani waliokaa Uingereza miezi sita. Utafiti wake, uliochapishwa 1990, ulionyesha kasi na vituo vikibadilika kwa namna inayosomeka, ilhali kujisahihisha hakukuwa kipimo cha kuaminika cha maendeleo. Kwa sababu hiyo watafiti wengi leo huorodhesha marudio upande mmoja na masahihisho upande wa pili, na hawayachanganyi.

Mtahini hana saa ya kupima vituo wala nafasi ya kuhesabu silabi. Katika mtihani wa IELTS, ambao wauguzi wengi wa Kenya huufanya wanapotafuta kazi Uingereza, mazungumzo huchukua dakika 11 hadi 14, na ufasaha pamoja na mtiririko wa hoja ni kigezo kimoja kati ya vinne vyenye uzito sawa. Mtahini anafuata maelezo ya ngazi yaliyoandikwa. Ukiyasoma kwa makini utaona vipimo vile vile vimejificha humo. Ngazi ya 9 inakubali kusita, mradi kuwe kwa ajili ya kuandaa wazo, si kwa kutafuta neno au sarufi. Ngazi ya 7 inamtarajia mtahiniwa aendelee kwa kirefu bila kuhangaika waziwazi, lakini inamvumilia akisita katikati ya sentensi na kujisahihisha. Ngazi ya 4 ni ya yule ambaye vituo vinaonekana kila anapojaribu kuendelea. Hakuna panaposemwa azungumze upesi. Anayeingia na majibu ya kukariri hujianika mwenyewe: mifululizo inakuwa mirefu mno, kisha swali dogo la nyongeza linakuja na vipande vinakuwa vya silabi tatu tatu.

Mashine nazo zimeingia kazini. De Jong na Ton Wempe walitoa mwaka 2009 maelekezo ya kompyuta yanayotumika ndani ya programu ya Praat, ambayo huhesabu silabi bila kuandika neno hata moja. Hutafuta vilele vya nguvu ya sauti, kila kilele kikiwa na bonde kabla na baada yake. Ni njia ya haraka, lakini kwa Kiswahili ina mtego. Irabu mbili zikifuatana, kama mwisho wa "kununua", hazina bonde la kutosha katikati, na mashine inaweza kuona silabi moja badala ya mbili. Ile "m" ya "mtu" nayo ni silabi kamili kwetu, lakini sauti yake ni hafifu mno kuwa kilele. Anayeitumia kwa Kiswahili hana budi kuhesabu sehemu ya rekodi kwa mkono, alinganishe, kisha aamue kama makosa ya mashine yanavumilika.

Hata baada ya hesabu zote kukamilika, bado kuna upande ambao mitihani mingi huuruka. Watu hawafanani hata katika lugha ya mama: yupo anayemwaga maneno na yupo anayeyapima moja moja. De Jong na wenzake walipowarekodi watu wale wale katika lugha yao ya kwanza na katika Kiholanzi, waliona tabia hiyo ikihama nao kutoka lugha moja hadi nyingine. Kwa hiyo, ili kumtendea haki kijana wetu wa sokoni, tungehitaji rekodi nyingine akisimulia jana yake kwa Kijerumani. Ikiwa huko nako hutua sekunde 0.8 kila anapomaliza sentensi, kituo hicho hakihusiani na Kiswahili chake. Vile sita vya katikati, kama kwa Kijerumani havipo, ndivyo mwalimu wake atakavyoanza navyo Jumatatu.