Maswali Manne Chini ya Tangazo la Kazi

Mwishoni mwa matangazo mengi ya kazi huwa na mistari ambayo msomaji mwenye haraka huipita: "Jibu maswali yafuatayo ndani ya barua pepe yako, si kwenye kiambatisho." Mwombaji huambatisha wasifu, vyeti na barua ya maombi iliyopangwa vizuri, kisha kwenye barua pepe yenyewe anaandika "Tafadhali pokea viambatisho" na kuituma. Maswali yamebaki pale pale kwenye tangazo.

Anayepokea maombi huwa na sababu yake. Barua zikiingia kwa mamia, hawezi kufungua faili tatu za kila mtu ili kujua nani yuko tayari kuanza kazi mwezi ujao. Anasoma barua pepe, mara nyingi kwenye simu, na kuhamishia majibu kwenye jedwali lenye safu moja kwa kila swali. Asiyejibu ana safu tupu, na safu tupu ndizo zinazoondolewa kwanza. Hata hivyo wapo waombaji wanaoandika "angalia wasifu" chini ya kila swali wakidhani wamejibu.

Tuchukue tangazo la mfano. Kampuni ya kusambaza dawa jijini Dar es Salaam inatafuta mhasibu msaidizi, na inauliza mambo manne: miaka ya uzoefu katika uhasibu, namna mwombaji alivyowahi kuandaa ritani ya Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, mshahara anaoutarajia, na lini anaweza kuanza kazi.

Umbo la barua ni rahisi. Kichwa chake kitaje nafasi na namba ya kumbukumbu iliyo kwenye tangazo. Baada ya salamu, sentensi moja inataja kazi inayoombwa, na papo hapo maswali yanaanza. Kila swali linanakiliwa kama lilivyo, pamoja na namba yake, na jibu linakaa chini yake. Lugha iwe ile ya tangazo. Majedwali, rangi na herufi nene afadhali viachwe, kwa kuwa maandishi yaliyotolewa kwenye Word huweza kuvurugika yakifika kwenye simu ya mwingine. Kwenye kompyuta ya Windows, kubonyeza Ctrl+Shift+V ndani ya Gmail hubandika maandishi matupu bila mapambo yake ya zamani.

Swali la kwanza linaonekana jepesi, lakini ndipo wengi wanapojikwaa. Mwombaji wetu alifanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi kuanzia Machi 2022 hadi Februari 2025, na kabla ya hapo alikuwa na wiki nane za mafunzo kwa vitendo akiwa chuoni. Akiandika "miaka minne", msomaji atafungua wasifu, atahesabu mitatu, na kuanzia hapo atatilia shaka kila namba iliyobaki. Jibu salama ni hili: "Miaka 3 ya ajira (Machi 2022 hadi Februari 2025). Nje ya hiyo, wiki 8 za mafunzo kwa vitendo." Namba imetangulia, ushahidi umefuata.

Swali la pili linataka maelezo, na hapo "nina uzoefu mkubwa wa VAT" haisaidii kitu, kwa kuwa kila mwombaji ataandika hivyo. Anayeijua kazi hujulikana kwa hatua anazozitaja:

"Kila mwezi nililinganisha ripoti za Z za mashine ya EFD na kitabu cha mauzo, nikakagua risiti za manunuzi, nikaondoa zisizo na namba sahihi ya mlipakodi. Nilimkabidhi mhasibu mkuu rasimu ifikapo tarehe 15, ili ritani iwasilishwe TRA kabla ya tarehe 20."

Mistari hii michache inamwonyesha mwajiri kwamba mtu huyu anajua tarehe ya mwisho na anajua makosa hujificha wapi. Pia inasema ukweli kuhusu mipaka yake: ritani iliwasilishwa na mhasibu mkuu, si yeye. Mwajiri makini huheshimu jibu la namna hiyo, maana kwenye usaili atauliza hayo hayo.

Swali la mshahara ndilo linalogharimu zaidi. Mwombaji akiandika "730,000" bila neno jingine, yeye huenda anafikiria fedha zitakazoingia mkononi, ilhali mwajiri anasoma mshahara kabla ya makato. Tofauti yake si ndogo. Kwa viwango vya kodi ya mishahara vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, mshahara ghafi wa shilingi 900,000 hukatwa kwanza asilimia 10 ya mchango wa NSSF, yaani 90,000. Zinazobaki, 810,000, hutozwa kodi ya 80,500. Mkononi zinafika 729,500.

Kama mwombaji alisoma kwa mkopo wa serikali, Bodi ya Mikopo huchukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ikiwa zile 900,000 zote ni za msingi, makato hayo ni 135,000, na mkononi zinabaki 594,500. Kwa hiyo mtu aliyetaka 730,000 mkononi, akaandika namba hiyo, na ikachukuliwa kuwa ghafi, atagundua siku ya malipo ya kwanza kwamba alijipunja mwenyewe. Jibu kamili ni fupi: "Shilingi 900,000 hadi 1,000,000 kwa mwezi, mshahara ghafi." Kuandika "tutakubaliana" pale tangazo lilipotaka kiasi ni kuacha safu tupu.

Kuhusu siku ya kuanza, neno "mara moja" linamfaa mtu asiye na kazi, kama mwombaji wetu. Aliyeajiriwa kwa mshahara wa mwezi anabanwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotaka notisi isiyopungua siku 28 baada ya mwezi wa kwanza wa kazi, na mkataba wake unaweza kudai zaidi. Akiahidi kesho huku wasifu ukisema bado yuko kazini, mwajiri mpya anajiuliza kama naye ataachwa vivyo hivyo.

Na kama jibu la kweli ni "hapana"? Liandikwe, kisha kifuate kilichopo: "Sijatumia Tally. Nimetumia QuickBooks kwa miaka miwili." Kama sifa hiyo ni ya lazima, jibu halitamwokoa mwombaji, lakini uongo ungekufa kwenye jaribio la vitendo. Pengine tangazo huomba namba ya siri ya benki au ada ya maombi. Hapo hakuna la kujibu, tangazo hilo liachwe. Na utaratibu huu wote hauhusu nafasi za Sekretarieti ya Ajira, ambazo maombi yake hupitia mfumo wa Ajira Portal.

Waajiri nao wana sehemu yao. Anayeuliza mshahara aandike kwenye tangazo kama anataka ghafi au wa mkononi, na anayeuliza uzoefu aseme kama mafunzo kwa vitendo yanahesabiwa. Maneno hayo machache yangewaondolea waombaji kubahatisha, na yangempa yeye mwenyewe majibu anayoweza kuyalinganisha.