Bwawa Lenye Mteremko Lina Maji Kiasi Gani?

Mtunza bwawa akiulizwa anatia klorini kiasi gani, mara nyingi hujibu kwa vikombe. Kikombe hakina kosa, ila kinabeba swali ambalo watu wengi hawakulijibu tangu bwawa lilipojengwa: humo ndani mna maji kiasi gani? Bwawa la sakafu bapa halisumbui. Unazidisha urefu, upana na kina, basi. Ugumu unaanza pale sakafu inapoteremka kutoka upande wa watoto kwenda upande wa kupiga mbizi.

Kanuni ambayo wengi wanaijua ni ya kujumlisha kina kifupi na kina kirefu, kisha kugawa kwa mbili. Kanuni hiyo ni sahihi, lakini kwa bwawa la aina moja tu: lile ambalo sakafu yake inashuka kwa mstari mmoja ulionyooka, toka ukuta hadi ukuta. Mabwawa mengi hayakujengwa hivyo. Huwa na sehemu bapa ya kina kifupi ambapo watu husimama, kisha mteremko mkali, kisha tena sehemu bapa ya chini.

Tuchukue bwawa la hoteli ndogo lenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 6. Maji yana kina cha mita 0.9 upande mmoja na mita 2.1 upande wa pili. Kwa kanuni ya wastani, kina ni mita 1.5, na bwawa linaonekana lina mita za ujazo 108. Sasa mtu ashuke na futi kamba, apime sakafu inapoanza na inapoacha kushuka. Anakuta mita 6 za kwanza ni bapa, mita 4 zinazofuata ni mteremko, na mita 2 za mwisho ni bapa tena.

Hapo inafaa kulitazama bwawa kwa ubavu, kama mkate uliokatwa, na kulihesabu vipande vitatu. Kipande cha kwanza ni 6 mara 0.9, yaani 5.4. Cha mteremko ni 4 mara 1.5, kwa kuwa ndani ya kipande hiki wastani unafaa kweli; jibu ni 6. Cha mwisho ni 2 mara 2.1, yaani 4.2. Jumla ya ubavu ni mita za mraba 15.6, na ukizidisha kwa upana wa mita 6 unapata mita za ujazo 93.6. Kanuni ya haraka ilikuwa imeongeza zaidi ya mita 14 za ujazo ambazo hazipo.

Kina kipimwe kutoka usoni mwa maji, si kutoka ukingoni. Ukingo ukiwa juu ya maji kwa sentimita 15, bwawa hili linaongezewa karibu mita 11 za ujazo za hewa. Na urefu wa mteremko upimwe kwa ulalo, juu ya maji, si kwa kufuata sakafu.

Hesabu ya dawa ni rahisi kwa sababu miligramu 1 kwa lita ni sawa na gramu 1 kwa mita ya ujazo. Kupandisha klorini kwa miligramu 2 kwa lita katika maji 93.6 kunahitaji gramu 187 za klorini halisi. Unga wa kalsiamu hipokloraiti wa asilimia 65 una klorini pungufu ya uzito wake, hivyo unagawa kwa 0.65 na kupima gramu 288. Aliyeshika 108 angetia gramu 332.

Klorini ikizidi kidogo, jua huila. Asidi ya sianuriki, inayoikinga klorini dhidi ya jua, haiondoki hivyo. Ikizidi, njia ya kawaida ya kuipunguza ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza mapya, na hapo ndipo kosa la ujazo linapokula fedha.

Kama bwawa litajazwa upya, soma dira ya maji kabla na baada. Hakuna kipimo kizuri zaidi. Likiwa limejaa, tumia baikaboneti ya sodiamu, ile ya kuumulia maandazi, wakati ualkali wa maji uko chini na unahitaji kupandishwa. Gramu 1.68 kwa kila mita ya ujazo hupandisha ualkali kwa miligramu 1 kwa lita, na haiyeyushwi na jua kama klorini. Kilo 3.1 katika bwawa letu zinapaswa kupandisha ualkali kwa takriban 20, pampu ikishazungusha maji yote vizuri. Vipimo vya matone huhesabu kwa makumi, kwa hiyo havitaona kosa la asilimia 15. Aliyezidisha eneo lote kwa kina kirefu cha mita 2.1 ataamini ana mita za ujazo 151, atatia kilo 5, na atasoma ongezeko la 30 mahali pa 20.