Bei Inapovunja Sakafu Kisha Ikarudi

Anayetaka kununua bitcoin za mamilioni ya dola hawezi kuzinunua zote kwa mkupuo, maana ununuzi wake mwenyewe utapandisha bei. Hununua kidogo kidogo kwa miezi, bei ikipanda na kushuka kati ya sakafu na dari. Richard Wyckoff, aliyefundisha biashara ya hisa Marekani miaka ya 1930, alikiita kipindi hicho mkusanyo. Bei ikiwa imeshapanda sana, wenye mali huuza kwa utaratibu uleule. Huo ni usambazaji.

Mtego huwekwa kwenye kingo. Wanunuzi wengi huweka agizo la kuzuia hasara chini kidogo ya sakafu. Bei ikiivunja, maagizo hayo hugeuka mauzo kwa pamoja, na mnunuzi mkubwa hupata wauzaji tele kwa bei ya chini. Wanaotegemea bei ishuke zaidi nao huingia. Bei ikirudi juu ya sakafu, hao hulazimika kununua ili wajinasue, na ununuzi wao huisukuma zaidi. Wachambuzi huiita springi. Aptrasti ni hiyohiyo kwenye dari: bei hupita juu, wanaokimbilia kununua hunaswa, kisha inarudi ndani.

Bitcoin imetuonyesha yote mawili. Aprili 2021 ilifika karibu dola 64,800 ikashuka. Novemba mwaka huohuo ilipita hapo hadi takriban 69,000, lakini ndani ya wiki moja ilikuwa imerudi chini ya kilele cha Aprili. Kufikia Juni 2022 ilikuwa imeanguka hadi karibu 17,600, na hapo ikapata sakafu. Novemba, soko la FTX lilipofilisika, sakafu ikavunjika na bei ikagusa takriban 15,500. Januari 2023 ilirudi juu ya 20,000.

Ila ukitazama mwaka 2018, utaona kwa nini mtu asinunue kwa sababu tu sakafu imevunjika. Kwa miezi kadhaa bei ilikuwa ikisimama karibu na dola 6,000. Novemba ikaivunja, na aliyedhani ni springi aliiona ikishuka hadi karibu 3,200 mwezi uliofuata. Ilirudi juu ya 6,000 Mei 2019.

Siku ya kuvunjika, chati za miaka hiyo miwili zilifanana. Tofauti huonekana baadaye, bei inaporudi ndani na kukaa humo, kisha inaposhuka tena kuijaribu sakafu huku mauzo yakiwa machache kuliko mara ya kwanza. Anayesubiri jaribio hilo hununua kwa bei ya juu zaidi, lakini anapata mahali pa wazi pa kukatia hasara: chini ya ncha ya springi. Wakati mwingine jaribio halitokei kabisa, bei ikaondoka bila yeye. Na chati, hata isomwe vizuri namna gani, haimtaji aliyenunua; mkusanyo ni tafsiri ya msomaji hadi bei itakapotoka kwenye dari.